Namba 641 na Kitanzi Kinachojua Kimeishaje

Mwaka 1640 Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse nchini Ufaransa aliyefanya hisabati kwa mapenzi tu, aliwaandikia wenzake kuhusu kanuni aliyoamini kuwa inazaa namba tasa bila kukosea. Chukua 2, ipandishe kwenye kipeo cha 1, 2, 4, 8 au 16, ukiongeza kipeo maradufu kila mara, kisha jumlisha 1. Majibu ni 3, 5, 17, 257 na 65537, na zote tano ni tasa: hazigawanyiki kwa namba yoyote isipokuwa 1 na zenyewe. Inayofuata, yenye kipeo cha 32, ni 4294967297. Fermat aliamini kuwa nayo ni tasa, ingawa alikiri kuwa hana uthibitisho.

Karibu miaka tisini ilipita. Desemba 1729 Christian Goldbach alimuuliza kwa barua kijana wa Kiswisi aliyekuwa akifanya kazi katika Chuo cha Sayansi cha St. Petersburg, Urusi, kama anajua dai hilo la Fermat. Kijana huyo alikuwa Leonhard Euler. Mwaka 1732, akiwa na umri wa miaka 25, alitoa jibu: 4294967297 inagawanyika kwa 641 bila kubakiza kitu, na jibu la mgawanyo huo ni 6700417. Fermat alikuwa amekosea.

Kazi aliyoifanya Euler kwa kalamu ndiyo hiyohiyo ambayo leo mwanafunzi wa programu hupewa katika wiki zake za mwanzo: kutafuta kigawo. Jaribu namba moja, ikishindikana jaribu nyingine, endelea hadi upate au hadi namba za kujaribu ziishe. Katika lugha ya Python kuna maneno matatu yanayofanya utafutaji huo uandikike kwa mistari michache, `break`, `continue` na `else`. Mawili ya kwanza wanafunzi huyaelewa upesi. La tatu huwasumbua hata watu walioandika programu kwa miaka mingi, na mara nyingi huwasumbua kwa sababu hawajajiuliza linasema nini hasa kuhusu namba wanayoichunguza.

Ni vizuri kuanza na namba ndogo. Mwalimu akiandika 91 ubaoni na kuuliza kama ni tasa, darasa zima litasita, kwa sababu haigawanyiki kwa 2, wala 3, wala 5, na sura yake ni ya namba tasa kabisa. Programu ya kuichunguza ni hii:

```python
from math import isqrt

n = 91
for d in range(2, isqrt(n) + 1):
    if n % d == 0:
        print(n, "=", d, "*", n // d)
        break
else:
    print(n, "ni namba tasa")
```

Alama `%` hutoa baki la mgawanyo, na `//` hutoa jibu la mgawanyo bila desimali. Kitanzi cha `for` kinaipa `d` thamani 2, halafu 3, halafu 4, na kila mara kinauliza kama baki ni sifuri. Kwa 2 baki ni 1. Kwa 3 ni 1, kwa 4 ni 3, kwa 5 ni 1, kwa 6 ni 1. Kwa 7 baki ni sifuri. Hapo programu inaandika `91 = 7 * 13`, kisha inakutana na `break`, inatoka nje ya kitanzi papo hapo na kuiruka sehemu ya `else` pamoja na yote yaliyomo. Namba 8 na 9, zilizokuwa bado kwenye foleni, hazijaribiwi.

Sasa badala ya 91 weka 97. Kitanzi kinapita kwenye 2, 3, 4, 5, 6, 7, 8 na 9, na hakuna hata moja inayotoa baki la sifuri. Namba za kujaribu zimekwisha na `break` haikuguswa. Kwa sababu hiyo, na kwa sababu hiyo tu, `else` inafanya kazi, na kwenye skrini panatokea `97 ni namba tasa`.

Kwa nini kitanzi kinaishia 9 badala ya kwenda hadi 96? Vigawo huja wawiliwawili: 7 amekuja na 13. Mmoja wa wawili hao lazima awe mdogo kuliko kipeuo cha pili cha namba yenyewe, au awe sawa nacho, maana wote wawili wakikizidi, zao lao litaizidi namba. Kipeuo cha pili cha 91 kiko kati ya 9 na 10, na `isqrt` hutoa ile sehemu nzima, yaani 9. Ile `+ 1` ipo kwa sababu `range` haijumuishi namba ya mwisho unayoiandika. Ukiisahau, 91 itapona, lakini 9 haitapona: kitanzi kitajaribu 2 peke yake, kitaishiwa, na `else` itatangaza kuwa 9 ni namba tasa. Vivyo hivyo 25, 49 na kila namba ambayo ni namba tasa iliyozidishwa kwa nafsi yake. Anayetaka kuikamata hitilafu hii mapema aipe programu yake 9 na 25 kabla ya namba nyingine yoyote.

Turudi kwa Euler. Ukiweka 4294967297 kwenye programu hiyohiyo, kompyuta itaanza na 2 na kufika 641 baada ya migawanyo 640, kisha `break` itaisimamisha. Kwa kompyuta hiyo si kazi. Kwa mtu mwenye kalamu, kugawanya namba ya tarakimu kumi mara 640 ni adhabu, na Euler alikuwa na njia ya kuikwepa. Aliuliza swali tofauti: kama namba hii ina kigawo kilicho tasa, kigawo hicho lazima kiwe na umbo gani?

Hoja yake inafuatika bila vitabu vizito. Chukua namba tasa inayoigawa 4294967297, uiite p. Kwa kuwa namba yetu ni 2 kwa kipeo cha 32 jumlisha 1, basi 2 kwa kipeo cha 32 ikigawanywa kwa p inabakiza p − 1, yaani imepungukiwa na 1 tu ili igawanyike. Izidishe kwa nafsi yake ipate kipeo cha 64, na baki linakuwa 1. Maana yake ni kwamba ukipanga vipeo vya 2 mfululizo, 2, 4, 8, 16 na kuendelea, na kuandika baki la kila kimoja, mabaki hayo yanarudi kwenye 1 baada ya hatua 64. Hayawezi kurudi mapema zaidi, kwani mzunguko mfupi ungelazimisha kipeo cha 32 nacho kibakize 1, na tumeona kuwa hakibakizi 1. Fermat mwenyewe, mwaka uleule wa 1640, alikuwa ametoa kanuni kwamba kipeo cha p − 1 nacho hubakiza 1. Basi p − 1 lazima itoshe mizunguko kamili ya 64. Kila kigawo tasa cha 4294967297 kina umbo la 64k + 1.

Kanuni ya Fermat ndiyo iliyotumika kuliangusha dai la Fermat. Namba za kujaribu zikawa 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641 na kuendelea, zikirukana kwa 64. Na hata katika hizo, nyingine zinaonekana kwa macho kuwa si tasa. Namba 65 inaishia na 5. Namba 129, 321 na 513 zinagawanyika kwa 3. Hakuna haja ya kuzijaribu, kwa sababu kigawo kidogo kuliko vyote huwa tasa. Hapa ndipo `continue` inapopata kazi:

```python
n = 4294967297
for d in range(65, isqrt(n) + 1, 64):
    if d % 3 == 0 or d % 5 == 0:
        continue
    if n % d == 0:
        print(n, "=", d, "*", n // d)
        break
else:
    print(n, "ni namba tasa")
```

Tofauti ya `break` na `continue` ni ya umbali. `break` hukitoa kitanzi chote kazini. `continue` huiacha namba moja tu: mistari iliyobaki ya mzunguko huo inarukwa, na kitanzi kinachukua namba inayofuata. Katika programu hii, 65 inafika na kurudishwa mlangoni kwa sababu ya 5. 129 inarudishwa kwa sababu ya 3. Namba 193 inapita na kugawanywa: baki si sifuri. Ndivyo ilivyo kwa 257. Namba 321 na 385 zinarudishwa, 449 inagawanywa bila mafanikio, 513 inarudishwa, 577 inagawanywa bila mafanikio. Kisha 641 inapita, inagawanywa, na baki ni sifuri. Skrini inaandika `4294967297 = 641 * 6700417`.

Kati ya namba kumi zilizochukuliwa, ni tano tu zilizofikia mgawanyo mkubwa. Kipeuo cha pili cha 4294967297 ni 65536 na sehemu ndogo sana, kwa hiyo orodha nzima ya kitanzi hiki ina namba 1023. `break` imeokoa 1013 zilizobaki.

Lakini swali halijaisha. Je, 6700417 nayo ni tasa, au ina vigawo ndani yake? Uzuri ni kwamba kigawo chochote cha 6700417 ni kigawo pia cha 4294967297, kwa hiyo umbo la 64k + 1 bado linatawala na kitanzi kilekile kinafaa. Badilisha mstari wa kwanza tu uwe `n = 6700417`. Sehemu nzima ya kipeuo chake cha pili ni 2588, hivyo orodha inaanzia 65 na kuishia 2561, namba 40. `continue` inazirudisha 19. Zilizobaki 21 zinagawanywa moja baada ya nyingine na zote zinaacha baki. Kitanzi kinaishiwa, `break` haijaguswa, na `else` inasema: `6700417 ni namba tasa`. Ni kweli.

Hapa inafaa kusimama, kwa sababu mfano huu una jambo ambalo vitabu vingi vya kufundishia hulipita haraka. Katika mzunguko wa namba 19 zilizorudishwa, `continue` ilitumika mara 19, na `else` ikafanya kazi vilevile mwishoni. `continue` haihesabiwi kama kukatiza kitanzi. Kuna njia chache tu za kuizuia `else`: `break`, au `return` inayotoka kwenye fankisheni nzima, au hitilafu inayoiangusha programu. Vinginevyo `else` itafika, hata kama kila namba ya orodha ilirukwa, na hata kama orodha ilikuwa tupu tangu mwanzo.

Ukweli huo una makali. Weka 8051 katika programu ya Euler. Kipeuo chake cha pili hakifiki 90, hivyo orodha ina namba moja, 65. Hiyo inarudishwa kwa sababu inagawanyika kwa 5. Kitanzi kimekwisha bila mgawanyo hata mmoja, na programu inatangaza kwa utulivu kuwa 8051 ni namba tasa. Si kweli: 8051 ni 83 mara 97. Weka 91 na orodha inakuwa tupu kabisa, na tangazo ni lilelile.

Python haijakosea hapo. `else` haijui chochote kuhusu namba tasa. Inachojua ni kwamba orodha iliyopewa imemalizika bila `break`. Kwamba kumalizika huko kunatosha kusema namba ni tasa, hilo ni dai la mwandishi wa programu, na ushahidi wake umo ndani ya `range` na ndani ya sharti la `continue`. Kwa 4294967297 na 6700417 ushahidi upo, ni ile hoja ya mizunguko ya 64. Kwa 8051 haupo. Mtu anayenakili kitanzi cha mwenzake bila kuuliza orodha yake imetoka wapi anakopa hitimisho na kuacha uthibitisho.

Hata programu ya kwanza, ile ya kuanzia 2, ina shimo la aina hiyo. Ukiipa 2, orodha ni tupu na jibu ni tasa, ambalo ni sahihi. Ukiipa 1, orodha ni tupu na jibu ni tasa, ambalo si sahihi, maana 1 haihesabiwi miongoni mwa namba tasa. Lazima 1 na sifuri zizuiwe kabla kitanzi hakijaanza.

Makosa ya kuandika nayo yapo, na mawili hutokea zaidi ya mengine. La kwanza ni nafasi mwanzoni mwa mstari. Katika Python, `else` ni ya nani huamuliwa na mahali ilipopangwa. Ikipangwa sawa na `for`, ni ya kitanzi. Ikisogezwa ndani ikapangwa sawa na `if`, inakuwa ya swali lile moja la `if`, na Python haitalalamika kwa sababu maandishi yote mawili ni halali. Lakini matokeo ni tofauti kabisa. Programu ya Euler yenye `else` iliyosogezwa itatangaza kuwa 4294967297 ni namba tasa inapofika 193, itarudia kwenye 257, kwenye 449 na kwenye 577, na baada ya matangazo manne ya uongo itaonyesha kigawo 641. Anayeona jibu moja likirudiwarudiwa kabla ya jibu linalolipinga aangalie kwanza nafasi za `else` yake.

La pili ni kuisahau `break`. Kitanzi kitaendelea hadi mwisho wa orodha na `else` itafika kila mara. Kwa namba ya Euler skrini itaandika mistari miwili, wa kwanza ukionyesha kuwa namba ni 641 mara 6700417, na wa pili ukisema namba hiyohiyo ni tasa. Kwa mantiki hiyo, `else` kwenye kitanzi kisicho na `break` wala `return` haina kazi yoyote: kilichomo ndani yake kingeweza kuandikwa chini ya kitanzi bila `else` na matokeo yasibadilike.

Kosa jingine ni la `continue`, na linawapata wanaotumia `while` badala ya `for`:

```python
k = 1
while 64 * k + 1 <= isqrt(n):
    d = 64 * k + 1
    if d % 3 == 0 or d % 5 == 0:
        continue
    if n % d == 0:
        print(n, "=", d, "*", n // d)
        break
    k = k + 1
else:
    print(n, "ni namba tasa")
```

Mtu akisoma haraka ataona kila kitu kiko sawa. Mzunguko wa kwanza `k` ni 1, hivyo `d` ni 65. Inagawanyika kwa 5, na `continue` inairudisha programu juu. Lakini mstari unaoongeza `k` uko chini, nao umerukwa pamoja na mingine. `k` bado ni 1, `d` bado ni 65, na programu itazunguka hapo siku nzima bila kuandika neno. Dalili yake ni skrini kimya huku feni ya kompyuta ikivuma. Ukibonyeza Ctrl na C kwa pamoja, Python itasimama, itaandika `KeyboardInterrupt` na kuonyesha mstari iliokuwa ikiufanya, na mstari huo utakuwa mmoja wa ile michache ya juu. Dawa ni kuiongeza `k` kabla ya `continue`, au kurudi kwenye `for`, ambayo huchukua namba inayofuata yenyewe na haiwezi kusahau.

Suala la kitanzi chenye miisho miwili halikuanza na Python. Donald Knuth aliliandikia kwa kirefu mwaka 1974, wakati wanasayansi wa kompyuta walipokuwa wakibishana kama amri ya kuruka kutoka mstari mmoja hadi mwingine iondolewe katika lugha za programu. Mfano wake mmoja ulikuwa kutafuta kitu katika jedwali: kikipatikana fanya hili, kisipopatikana fanya lile. Ugumu ni kwamba programu ikishatoka kwenye kitanzi, haioni tena imetoka kwa mlango gani. Lugha nyingi, zikiwemo C na Java, humwachia mwandishi aweke alama mwenyewe: anaunda kigeu kama `imepatikana`, anakipa thamani ya uongo mwanzoni, anakigeuza kuwa kweli kigawo kinapopatikana, na kukiuliza kitanzi kikiisha. Njia hiyo ni sahihi, ila alama hiyo ni kitu kimoja zaidi cha kusahau.

Guido van Rossum, aliyeanza kuitunga Python mwishoni mwa 1989 huko Amsterdam na kuitoa kwa umma mwaka 1991, aliifanya lugha yake ikumbuke kwa niaba ya mwandishi kwamba `break` haikuguswa. Hata hivyo mwenyewe alisema mwaka 2009 kuwa kama angeanza upya, asingeiweka `else` kwenye vitanzi. Sababu si ngumu kuiona: watu wengi wanaoikuta kwa mara ya kwanza hudhani inafanya kazi pale kitanzi kinapokuwa hakijazunguka hata mara moja. Anayeitumia katika programu itakayosomwa na wengine anawatendea haki akiandika kando ya `else` maelezo mafupi kama `# hakuna kigawo kilichopatikana`.

Kuna njia nyingine ambayo waandishi wengi wazoefu huipenda zaidi, nayo ni kuufungia utafutaji ndani ya fankisheni:

```python
def kigawo(n):
    for d in range(2, isqrt(n) + 1):
        if n % d == 0:
            return d
    return None
```

`return` ya kwanza inatoka kwenye kitanzi na kwenye fankisheni kwa pamoja, kwa hiyo mstari wa mwisho unafikiwa tu orodha ikiwa imeisha. `else` haihitajiki. Kwa utafutaji unaorudiwa mahali pengi, njia hii ni bora. Kwa utafutaji mmoja ulio katikati ya kazi nyingine, `else` inabaki kuwa fupi na wazi zaidi.

Orodha ya Euler yenyewe iliweza kufupishwa zaidi. Mwaka 1878 Mfaransa Édouard Lucas alionyesha kuwa vigawo tasa vya namba hizi za Fermat, kuanzia 17 na kuendelea, huruka kwa hatua kubwa maradufu ya ile ya Euler. Kwa 4294967297 hatua ni 128, na namba za kujaribu hadi 641 ni tano: 129, 257, 385, 513 na 641. `continue` ya 3 na 5 inaziondoa tatu. Inabaki migawanyo miwili. Katika programu kinachobadilika ni `range(129, isqrt(n) + 1, 128)`, na kila kitu kingine kinabaki kilivyo.

Namba inayofuata ya Fermat, yenye kipeo cha 64, ni 18446744073709551617. Fortuné Landry aliipatia vigawo mwaka 1880: 274177 mara 67280421310721. Hatua ikiwa 256, kitanzi kinachoanza na 257 kinaifikia 274177 katika namba yake ya 1071, na kompyuta ya kawaida inaimaliza kazi hiyo kabla mtu hajaondoa kidole kwenye kibonyezo.

Mbele ya hapo kitanzi kinaanza kuchoka. Namba za Fermat zinaongezeka tarakimu maradufu kila hatua, na orodha ya kujaribu inakua kwa kasi ya kutisha. Namba zote kuanzia kipeo cha 32, yaani ile ya Euler, ambayo kwa hesabu ya wanahisabati inayoanzia sifuri huitwa ya tano, hadi ya 32 zimeshathibitishwa kuwa si tasa. Lakini ya 20 na ya 24 hazina kigawo hata kimoja kinachojulikana. Watu wanajua kuwa zinagawanyika kwa sababu zilishindwa jaribio lililotokana na kazi ya padri Théophile Pépin ya mwaka 1877, jaribio linalosema kama namba ya Fermat ni tasa au la bila kutafuta kigawo chochote. Programu ya jaribio hilo ina kitanzi nayo, kinachozidisha namba kwa nafsi yake na kuchukua baki, tena na tena kwa idadi ya mara inayojulikana tangu mwanzo. Hakitafuti kitu, kwa hiyo hakina `break`, hakina `continue`, na `else` haina la kufanya hapo.